Barua kwa mfanyakazi aliyeacha kufika kazini bila taarifa: kutoka ya kwanza hadi ya uamuzi

Mfanyakazi asipoonekana kazini siku mbili mfululizo bila taarifa, mara nyingi msimamizi wake huja ofisini kwangu akiwa tayari na hukumu: "Huyu ameshaacha kazi, tuandike barua ya kumwondoa." Jibu langu huwa ni kwamba tunachokijua mpaka hapo ni kuwa hayupo. Kuacha kazi kunahitaji nia ya kutorudi, na nia hiyo haisomeki kwenye rejista ya mahudhurio. Anaweza kuwa amelazwa na simu yake haipo mkononi, amewekwa mahabusu, amefiwa mbali na nyumbani, au amepata kazi kwingine akaona haya kusema. Barua tunazomwandikia zinatupa njia ya kuyaondoa maelezo hayo moja baada ya jingine, mpaka mwajiri aweze kutoa uamuzi bila kubahatisha.

Tuchukue mfano wa mtunza stoo ambaye Jumatatu tarehe 3 hakufika. Siku hiyo na kesho yake msimamizi anampigia simu kwa nyakati tofauti, anamtumia ujumbe mfupi, kisha afisa utumishi anampigia mtu ambaye mfanyakazi mwenyewe alimwandika kwenye fomu yake kuwa wa kutafutwa wakati wa dharura. Huyo anaulizwa tu kama mwenzetu yuko salama na kama anaweza kumfikishia salamu kwamba tunamtafuta. Haambiwi habari za nidhamu, kwa sababu hizo ni siri kati ya mwajiri na mwajiriwa. Kila jaribio linaandikwa papo hapo: nani alipiga, namba ipi, saa ngapi, na simu iliita, ilipokelewa au haikupatikana. Maandishi hayo ndiyo yanayoipa barua ya kwanza mguu wa kusimamia.

Barua ya kwanza inatoka Jumatano tarehe 5, na inapaswa kuwa ya kuuliza. Nimesoma barua nyingi za kwanza zinazoanza kwa "umetoroka kazini", na kila mara nimehuzunika, kwa sababu mtu aliyelazwa akiisoma atajiona ameshafukuzwa na hataona sababu ya kujibu. Mimi huandika hivi: "Hujafika kazini tangu Jumatatu tarehe 3, na hatujapokea taarifa yoyote kutoka kwako. Tulikupigia simu tarehe 3 na tarehe 4 bila kukupata. Tuna wasiwasi juu ya hali yako. Tafadhali wasiliana nasi, wewe mwenyewe au kupitia mtu unayemwamini, kabla ya saa kumi jioni Jumatatu tarehe 10. Kama unaumwa, tueleze, na ututumie cheti cha daktari pindi utakapokipata." Chini yake linawekwa jina la mtu mmoja wa kutafutwa pamoja na namba yake ya simu. Adhabu haitajwi kabisa katika barua hii.

Tarehe ya mwisho ya kujibu ihesabiwe kuanzia siku ambayo barua inatarajiwa kumfikia, wala si siku iliyotiwa saini. Barua iliyoandikwa Jumatano, ikapelekwa posta Alhamisi na kudai jibu Ijumaa, haijampa mtu nafasi yoyote, na yeyote atakayelipitia jalada baadaye ataliona hilo kabla ya jambo jingine. Kuhusu njia ya kuituma, mimi hutumia mbili kwa pamoja: moja inayoacha ushahidi, kama rejista ya posta au tarishi mwenye daftari la kusaini, na nyingine ya kawaida, kwa kuwa wapo watu wanaokataa kusaini lakini huipokea na kuisoma bahasha inayoachwa mlangoni. Nakala ya barua pepe iende kwenye anwani yake binafsi. Ile ya kazini huenda asiweze kuifungua akiwa nje ya ofisi. Bahasha ikirudi haijafunguliwa, ihifadhiwe kwenye jalada vilevile ilivyo, na mhuri wa posta ukiwa juu yake. Bahasha hiyo inathibitisha kwamba ulituma, na wakati huohuo inakuonya kwamba pengine hajui chochote, kwa hiyo kabla ya kuendelea tafuta kwanza kama kuna anwani nyingine.

Tuseme tarehe 10 imepita kimya. Barua ya pili inatoka Jumanne tarehe 11, na hapa ndipo uzito unapoongezeka. Naomba tuelewane kwamba kinachoongezeka ni matokeo yanayotajwa. Hasira haina nafasi humu. Barua inarejea ile ya kwanza kwa tarehe yake, inasema kutokuwapo kwake sasa kunahesabiwa kuwa hakuna ruhusa, inamtaka arudi au ajieleze kwa maandishi kabla ya Jumatatu tarehe 17, na inamweleza kwamba asipofanya hivyo ataitwa kwenye kikao cha nidhamu ambacho kinaweza kuishia kwa kuachishwa kazi. Kama mkataba na sheria vinaruhusu mshahara usimamishwe kwa siku ambazo hakufanya kazi, isemwe wazi kuanzia tarehe ipi. Mshahara wa siku alizozifanya ni haki yake na hauguswi.

Kuna sentensi moja ninayoifuta kila ninapoikuta kwenye rasimu ya barua hii: "Usipofika tarehe hiyo, utahesabika umejiuzulu." Inavutia kwa sababu inafupisha safari, lakini ukimya wa mtu haugeuki kuwa barua ya kujiuzulu kwa sababu tu mwajiri ameandika hivyo. Uamuzi wa kuuvunja mkataba katika hali hii ni wa mwajiri, na ni lazima aufikie kwa utaratibu na kuusimamia kama wake.

Barua ya tatu, Jumanne tarehe 18, ni wito wa kikao cha Jumatano tarehe 26. Inataja tuhuma kwa usahihi: kutofika kazini bila ruhusa kuanzia tarehe 3, na kutojibu barua za tarehe 5 na 11. Inaambatanishwa na nakala za barua hizo, inataja saa na mahali, haki ya kuja na mwakilishi, namna ya kuomba tarehe nyingine, na kwamba asipofika bila sababu kikao kinaweza kuendelea bila yeye. Idadi ya siku za wito, na pengine za kutokuwapo zenyewe, hupangwa na sheria au kanuni za kazi mahali husika. Hizo ndizo zinazofuatwa, na tarehe zangu hapa ni za mfano tu.

Akijibu wakati wowote, hata kwa ujumbe wa maneno matano, mfululizo husimama. Mtunza stoo wetu akiandika tarehe 13 kwamba amelazwa, barua ya tatu haiandikwi. Suala la kuacha kazi linakwisha, na linabaki dogo zaidi, yaani kwa nini hakutoa taarifa mapema, ambalo litazungumzwa akipona.

Asipojibu kabisa, kikao kinakaa, kinasoma maandishi ya simu na ushahidi wa kufikishwa kwa barua, na uamuzi unapelekwa kwa njia zilezile mbili. Barua ya uamuzi inataja sababu, siku ya mwisho ya ajira, stahiki zake na namna ya kuzichukua, vifaa vya kurudisha kama funguo za stoo, na muda wa kukata rufaa. Akitokea ndani ya muda huo na karatasi za hospitali mkononi, rufaa isikilizwe upya kwa ushahidi ambao kikao hakikuwa nao, na uamuzi wa kumrudisha kazini uwe miongoni mwa yale yanayowezekana.