Boksi la maziwa: karatasi inavyotengana na nailoni na alumini, na masalia yanavyokuwa

Boksi la maziwa au juisi linalokaa dukani miezi bila friji huitwa karatasi, lakini karatasi ni sehemu yake tu. Ukihesabu kwa uzito, karibu robo tatu ni karatasi ngumu, karibu moja ya tano ni nailoni aina ya polithini, na asilimia 4 hadi 5 ni alumini. Ndiyo maana mnunuzi wa makaratasi hulikataa, na mnunuzi wa plastiki naye hulikataa, likabaki kwenye mtaro unaoteremkia Mto Mirongo, hapa jijini Mwanza, na hatimaye Ziwa Victoria.

Lichane moja utazame ukingo wake. Kuanzia nje kuna nailoni nyembamba ya kuzuia unyevu, chini yake rangi na maandishi, halafu karatasi yenyewe. Ukivuka karatasi unakuta nailoni nyingine, kisha alumini, kisha nailoni ya ndani inayogusa maziwa. Alumini hiyo ina unene wa takriban mikromita 6 hadi 7, yaani haifiki hata sehemu moja ya mia ya milimita. Kazi yake ni kuzuia mwanga na hewa ya oksijeni. Maboksi ya maziwa yanayouzwa ndani ya friji kwa kawaida hayana alumini, yana karatasi na nailoni peke yake.

Kuitoa karatasi kwenye tabaka hizi hakuhitaji dawa yoyote kali. Maji na kuvuruga vinatosha, na sababu iko kwenye namna kila tabaka ilivyoshikana na jirani yake. Nyuzi za karatasi hushikana zenyewe kwa zenyewe kwa vifungo vidogo vya haidrojeni. Maji yakiingia kati yao huchukua nafasi ya vifungo hivyo, nyuzi huvimba, na zikisuguana huachana. Nailoni nayo ilimwagwa juu ya karatasi ikiwa imeyeyuka, ikauma kwenye vinyweleo vyake na kuganda. Nyuzi zikishavimba na kusogea, nailoni hukosa cha kushika na kubanduka. Lakini mahali nailoni inapokutana na alumini hakuna nyuzi, na gundi iliyopo hapo haijali maji. Kwa hiyo karatasi huondoka peke yake, na nailoni na alumini hubaki zimegandana. Hayo ndiyo masalia tutakayoyazungumzia zaidi, maana karatasi haikosi soko.

Unaweza kuliona jambo hili nyumbani. Kata boksi tupu vipande vya upana wa vidole viwili, viroweke kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu mpaka kesho yake, kisha visugue kwa viganja. Karatasi itatoka kama ugali mlaini na utabaki na utepe unaong'aa upande mmoja. Ukiroweka boksi zima bila kulikata utasubiri sana, kwa sababu maji hayapiti kwenye nailoni. Yanaingia kwenye kingo zilizokatwa tu.

Kiwandani kazi hiyo hufanywa na mtambo wa kuvuruga rojo, pipa kubwa lenye parafujo au mapanga chini, mfano wa blenda ya jikoni iliyokuzwa mara elfu. Maboksi na maji huingia pamoja, yakavurugwa dakika 15 hadi 30. Chini kuna bamba lenye matundu ya milimita chache. Nyuzi hupita na maji, utepe wa nailoni na alumini hubaki juu. Kiwanda kilichozoea karatasi za ofisini huvuruga kwa dakika chache tu, na kikiyatia maboksi haya humo yatatoka yakiwa nusu mazima. Mwendeshaji atadhani hayachakatiki, kumbe ameyatoa mapema.

Kosa la upande wa pili ni kuyasaga mno. Anayetaka kuharakisha huyakata vipande vidogo kama punje za mahindi, au huacha mtambo ukizunguka saa nzima. Utepe unakatika vipande vinavyopita kwenye matundu pamoja na nyuzi, na baadaye karatasi mpya inaonekana na vimetameta. Anayetengeneza trei za mayai kutokana na rojo hilo huumia zaidi. Trei huundwa juu ya umbo la waya lenye matundu, pampu ikivuta maji kwa nyuma. Kipande kimoja cha nailoni kikiziba waya, nyuzi hazijikusanyi hapo na trei inatoka na tundu. Kipande chenye ukubwa wa kiganja kinatosha: kingo ni nyingi za kutosha kuingiza maji, na utepe bado ni mkubwa wa kuzuiwa na bamba.

Nyuzi hizi ni ndefu na imara, kwa sababu nyingi hutoka kwenye miti ya jamii ya msonobari na bado hazijachakatwa upya hata mara moja. Kuzitia kwenye trei za mayai ni kuzitumia chini ya uwezo wake. Kwenye mifuko ya karatasi na maboksi ya kahawia zinatoa nguvu ambayo karatasi chakavu za magazeti haziwezi kutoa.

Sasa tuchukue mzigo mmoja tuufuate. Tuseme kikundi cha ukusanyaji cha Igoma kimepima kilo 1,000 za maboksi. Tukitoa kilo 100 za maji na mabaki ya maziwa, zinabaki kilo 900 kavu. Boksi tupu la lita 1 lina uzito wa karibu gramu 30, kwa hiyo hayo ni maboksi 30,000. Ndani yake kuna takriban kilo 675 za karatasi, kilo 189 za nailoni na kilo 36 za alumini. Mtambo unaovuruga rojo zito, lenye asilimia 15 ya vitu vikavu, utahitaji tani 5 hivi za maji kwa mzigo huo. Rojo jepesi la asilimia 4 lingehitaji zaidi ya tani 21. Maji hayo lazima yazungushwe na kutumika tena, kisha yasafishwe kabla ya kuachiliwa. Yamebeba sukari na mafuta ya maziwa, na yakifika ziwani vijidudu vinavyoyala hutumia oksijeni ambayo samaki wanaihitaji.

Tuseme mtambo umepata asilimia 90 ya karatasi, yaani kilo 607 hivi. Kati ya kilo 68 zilizosalia, nusu imetoka na maji na nusu, kilo 34, imeng'ang'ania kwenye utepe. Masalia makavu ni kilo 225 za nailoni na alumini pamoja na kilo hizo 34, jumla kilo 259. Maana yake asilimia 13 ya masalia bado ni karatasi, na hapo ndipo biashara ya masalia inapofia. Kwa bidhaa nzuri karatasi inatakiwa isizidi asilimia chache. Masalia yapitishwe kwenye pipa lenye matundu linalozunguka huku yakimwagiwa maji, ili nyuzi zilizobaki ziondoke na zirudishwe kwenye rojo.

Kipimo chake ni rahisi. Chukua konzi ya masalia, tia kwenye chupa ya maji safi, tikisa kwa nguvu dakika 1, acha yatulie. Maji yakiwa na ukungu mweupe wa nyuzi, osha tena. Yakiwa karibu maangavu kama ulivyoyatia, endelea na kukausha.

Watu waliozoea kuosha nailoni za kawaida hujaribu kuyasafisha masalia haya kwa kuyaelesha, kwa kuwa nailoni huelea na uchafu huzama. Hapa njia hiyo inakwama. Nailoni ni nyepesi kuliko maji, lita 1 ina uzito wa kilo 0.92 hivi, lakini alumini ni kilo 2.7. Zikichanganyika kwa vipimo vya boksi, wastani unafika karibu kilo 1.03. Kipande kinazama polepole, kikibeba kiputo cha hewa kinaelea, na kikiwa na karatasi iliyolowa kinazama tena. Vinavyoelea kwa uhakika ni vifuniko vya plastiki, na hivyo ni vizuri vitolewe wakati huo vikauzwe peke yake.

Yakishakauka, matumizi ya kwanza ya masalia ni mbao na vigae vya kuezekea. Hukatwa vipande vya milimita 5 hivi, hutandazwa sawasawa kati ya bamba mbili za chuma, na kukandamizwa kwa joto la nyuzi 170 hadi 180 za Selsiasi kwa dakika kadhaa. Nailoni ya aina hii huyeyuka karibu nyuzi 110, alumini inahitaji 660. Kwa hiyo nailoni inakuwa gundi na alumini inabaki kama magamba yanayong'aa ndani yake. Ubao ukiwa bado laini huhamishiwa kwenye umbo la mawimbi na kupozwa humo ukiwa umebanwa. Ukiutoa kabla haujapoa unajipinda. Ubao bapa wa mita 2 kwa mita 1, unene milimita 6, ni lita 12, sawa na kilo 12 na kidogo. Mzigo wetu wa kilo 259 ungetoa mbao zipatazo 20.

Masalia yasiyokauka vizuri hujionyesha hapohapo. Mashine ikifunguliwa utasikia mvuke ukifoka, na ubao utakuwa na malengelenge. Yenye karatasi nyingi hutoa ubao wenye madoa ya kahawia na harufu ya karatasi iliyoungua, na ukingo wake ukinyeshewa hunywa maji na kuvimba.

Matumizi ya pili ni kuyayeyusha na kuyakata punje za kutengenezea kreti, ndoo za ujenzi na vitu vingine vinene. Visiwe vyembamba. Mtu asijaribu kutengeneza mifuko, kwa sababu kila gamba la alumini ni mahali pa kutobokea. Rangi nayo hubaki ya kijivu, na chujio la mashine huziba mara kwa mara, hivyo hutumika chujio la matundu makubwa kuliko la nailoni safi.

Kuitoa alumini peke yake kunawezekana, ila ni kazi ya mitambo mikubwa. Huko Varkaus, Finland, nailoni iligeuzwa gesi ya kuendeshea kiwanda na alumini ikabaki, na Piracicaba, Brazil, mtambo wa joto la plazma ulioanza 2005 uligeuza nailoni kuwa aina ya nta. Kwa kilo 36 za alumini katika tani nzima ya maboksi, mtaji wa namna hiyo haulipi bila mzigo mkubwa sana kila siku. Masalia machafu yasiyofaa kwa lolote yanaweza kuchomwa kwenye tanuri la saruji, ambako nailoni inakuwa kuni na alumini inaingia kwenye saruji yenyewe.

Kuhusu kuezekea, ubao huu haupati kutu na mvua haipigi kelele juu yake kama juu ya bati. Lakini nailoni ni nailoni: inashika moto, na inapoungua hudondosha matone yanayowaka. Unafaa kwenye banda la kuku, stoo ya nyavu au kibanda cha kivuli. Jiko la kuni au la mkaa liezekwe kwa bati. Papi za kuushikilia zisogezwe karibu kuliko za bati, kwa kuwa jua la mchana huulainisha na kati ya papi mbili zilizoachana sana ubao hulegea na kutengeneza bonde la maji.