Mizani nane kwenye foleni ya Buguruni

Mteja wangu ana duka la matairi Barabara ya Mandela, ukitokea Tazara kuelekea Ubungo. Aliniletea maneno ya bango akiwa ameyaandika nyuma ya risiti: "Tunauza matairi mapya ya aina zote kwa bei nafuu, tunaziba pancha, tunafanya balansi na alaimenti, karibuni sana." Chini yake namba mbili za simu.

Nikamwambia, mzee, hayo hayasomeki. Akacheka. "Dada, pale Buguruni watu wanakaa nusu saa. Watayasoma mpaka wayakariri."

Hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Dereva aliye kwenye foleni hana nusu saa ya kusoma. Ana vipande vya sekunde tatu. Anainua macho, bodaboda inapita ikikwangua kioo cha pembeni, anayashusha. Anayainua tena, daladala inachomekea, anayashusha. Muuza maji anagonga dirisha. Na kila akirudi kwenye bango haanzii alipoishia, anaanza upya kutoka neno la kwanza. Mstari mrefu ataupitia mara kumi na hataufikisha mwisho hata mara moja.

Kanuni inayozunguka kwenye kazi yetu inasema bango lisizidi maneno saba. Kanuni hiyo imetoka kwenye Kiingereza, na kwetu inapotosha. "Tutakubadilishia" ni neno moja, lakini ndani yake wamo mtendaji, wakati, mtendewa na kitendo, na jicho lazima livuke vyote hivyo. Kwa hiyo mimi sihesabu maneno, nahesabu mizani, yaani silabi, kama watunzi wa mashairi. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, nane kwenye kipande cha kwanza, ukwapi, na nane kwenye cha pili, utao. Bango la barabarani nalipa kipande kimoja tu: mizani nane. "Tutakubadilishia" peke yake inazimaliza zote nane, na hatujataja hata tairi.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa "Kashata zimekwisha?" Mizani saba, na lina swali linalomchoma dereva, kwa sababu kashata ndilo neno la mafundi wenyewe kwa zile nundu za tairi zinazoshika barabara. Nililipenda sana. Kisha nikalipima.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Bango lile lina upana wa mita 12, nasi tulitaka lisomeke kuanzia mita 80. Karatasi ya A4 iliyolazwa, ukiitazama kutoka mita mbili, inalingana machoni na bango hilo kwa umbali huo. Unachapa, unaibandika ukutani, unaifunua, unahesabu sekunde tatu, unaifunika. Usiulize "umeipenda?" Uliza "wanauza nini?"

Dereva wa bajaji akajibu papo hapo: matairi. Jirani yangu, aliyenunua gari mwaka huu na hajawahi kukaa kwenye benchi la fundi, akasema: "Kashata. Za nazi au za karanga?"

Picha ya tairi ingemsaidia, lakini mstari unaosubiri picha iuokoe siuamini. Jua la jioni likipiga bango, picha ndiyo inayotangulia kufifia. Nikahitaji neno "tairi" liwemo, na ugonjwa wake utajwe kwa neno ambalo hata asiyejua gereji analijua. Tairi lililoisha huitwa kipara. Nikapata:

Kipara si cha tairi.

Ki-pa-ra-si-cha-ta-i-ri. Nane. Tairi limekaa mwisho, na anayesoma anacheka kidogo kabla ya kukumbuka lake la nyuma kushoto. Jirani safari hii alisema "matairi" kabla sijaifunika karatasi. Mwenye duka, ambaye hana unywele hata mmoja, alijipapasa utosi akasema, "Haya, mimi nimepona."

Mstari wenyewe una herufi 16, hivyo kila moja inaweza kufika karibu sentimita 65 kwa urefu, na bado nafasi inabaki. Mbuni alileta maandishi mekundu juu ya rangi nyeusi, yanapendeza kwenye kompyuta. Kutoka mita mbili yalimezwa. Tukaweka nyeusi juu ya njano.

Ugomvi ulibaki kwenye simu. Namba moja ina tarakimu kumi. Isome kwa sauti uone mizani inavyomwagika. Halafu sitaki mtu apige simu akiwa ameshika usukani. Nilichotaka ni akate kona. Magari yetu hupita kushoto, na duka liko kushoto kwa anayetoka Tazara, kwa hiyo haimlazimu kuvuka magari yanayokuja. Chini tukaandika "Mbele kushoto" na mshale.

Kina cha kashata cha milimita 1.6, bei, alaimenti, vyote nimeviandika kwenye ubao wa pale dukani, ambako mtu amekaa kwenye benchi na gari lake liko juu ya jeki. Namba zote mbili za simu zimo humo pia.