Mteja anapodai asilimia 5 na siku 60: namna ninavyomkatalia bila kumpoteza

Kazi yangu ni kusimamia madeni ya wateja katika kampuni inayouza vifaa vya ujenzi kwa bei ya jumla jijini Dar es Salaam. Wateja wetu wengi ni wenye maduka ya mikoani wanaochukua mzigo kwa mali kauli, na hakuna mwezi unaopita bila mmoja wao kuomba aongezewe punguzo au asogezewe siku ya kulipa. Nitaeleza ombi moja tu, la mwenye duka wa Morogoro, kwa sababu lilikuwa na madai yote mawili kwa pamoja. Tarakimu nimezikaribisha kidogo ili hesabu ifuatike kwa urahisi.

Mzee huyo alikuwa akinunua kwetu mzigo wa shilingi milioni 20 kwa mwezi kwa bei ya orodha, kabla ya Kodi ya Ongezeko la Thamani. Tulikuwa tukimpa punguzo la asilimia 3 na siku 30 za kulipa. Alipiga simu akitaka asilimia 5, na alipoona nasitasita akasema, "Basi mwanangu, nipe siku 60, hilo la bei tutaliongea baadaye." Siku chache baadaye ikaja barua yenye maombi yote mawili.

Kabla ya kumjibu mteja wa namna hii huwa nafanya hesabu, kwa kuwa "hapana" isiyokuwa na hesabu nyuma yake haikai. Mteja akirudi mara ya pili kwa sauti ya juu zaidi, utalegea. Mzigo wa milioni 20 ulikuwa ukitugharimu milioni 18 kuununua. Baada ya punguzo la asilimia 3 tulikuwa tunapata milioni 19.4, yaani faida ghafi ya shilingi 1,400,000. Upakiaji, usafiri, mishahara, pango la ghala na riba ya zile siku 30 vilikula shilingi 900,000, na mkononi ikabaki laki tano. Asilimia 2 za ziada kwenye milioni 20 ni laki nne, kwa hiyo lile lililoonekana kuwa ombi dogo lingechukua sehemu nne kati ya tano za faida yetu halisi kwa mteja huyo. Ili faida ghafi irudi pale ilipokuwa, angepaswa kununua mzigo wa milioni 28 kila mwezi badala ya milioni 20. Asilimia hii 40 ya ongezeko ndiyo namba ambayo wauzaji wengi hawaijui wanapotamka "sawa, chukua tano."

Siku za ziada zina gharama inayojificha zaidi, kwa sababu hakuna mahali inapoandikwa kwenye ankara. Kumwongezea mteja huyu mwezi mmoja maana yake ni kuacha takriban shilingi milioni 22 zaidi, VAT ikiwa ndani yake, zikae kwake muda wote, nasi fedha hizo tunazichukua benki kwa ovadrafti yenye riba ya asilimia 16 kwa mwaka. Hiyo ni karibu laki tatu kila mwezi. Ukiweka punguzo na siku kwa pamoja, laki tano zetu zinageuka kuwa hasara ya laki mbili.

Kuna na jambo la kodi. Ritani na malipo ya VAT ya mwezi mmoja huenda Mamlaka ya Mapato kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na mamlaka haiulizi kama mteja ameshakulipa. Ankara ikishatoka, kodi imeshaiva. Kwa siku 30, ankara za tarehe 1 hadi 20 Aprili hulipwa kabla ya tarehe 20 Mei au siku hiyohiyo. Kwa siku 60, hata ankara ya tarehe 1 Aprili hulipwa mwisho wa Mei, hivyo hakuna hata moja ambayo mteja ataiwahi kodi yake. Mwenye mtaji mkubwa anaweza kulivumilia hilo, lakini kampuni ya ukubwa wetu inajikuta ikikopa ili ilipe kodi ya mauzo ambayo bado hayajaingiza senti.

Hesabu hiyo inaniambia kwamba nikatae, lakini hainiambii nikatae vipi. Kwa hilo nafungua leja ya mteja na kutazama alivyolipa kwa miezi ya karibuni, ankara moja baada ya nyingine. Huyu alikuwa mlipaji wa siku 31 au 32 kwa muda mrefu, kisha wastani wake ukapanda hadi siku 41. Nilipozitenganisha ankara nikaona kwamba zile za saruji na nondo zilikuwa zikilipwa kwa wakati kama zamani, na zilizochelewa karibu zote zilikuwa na marumaru na rangi ndani yake. Nilimpigia nikamwamkia, kisha nikamuuliza kama amepanua duka, akanieleza kwa furaha kabisa kwamba amefungua chumba cha maonyesho cha marumaru pembeni ya duka la zamani. Saruji huondoka dukani kwa wiki moja au mbili, lakini marumaru husubiri mwenye nyumba afike hatua ya kumalizia, na kila anayekuja anataka rangi ambayo haipo. Mzee hakuwa na tatizo la bei hata kidogo. Fedha zake zilikuwa zimelala sakafuni, na punguzo la asilimia 5 lisingeziamsha.

Kwa mteja ambaye shida yake kweli ni bei, yaani ana fedha ila anabanwa na ushindani mtaani kwake, huwa nina jibu jingine. Nabaki na asilimia 3, kisha nampa asilimia 1 zaidi kwa kila ankara atakayolipa ndani ya siku 7. Kwa mzigo wa milioni 20 asilimia hiyo inanigharimu laki mbili, lakini siku 23 anazonirudishia zinaniokolea riba ya shilingi 230,000 hivi, kwa hiyo sijapoteza kitu na yeye amepata bei aliyokuwa akiitafuta. Asipolipa ndani ya siku 7, asilimia hiyo haipo, na sheria hii haina "safari hii tu," kwa sababu wateja wetu wanafahamiana na hulala nyumba za wageni zilezile wanapokuja Kariakoo.

Mteja akisema kwamba muuzaji mwingine anampa asilimia 5, sibishani naye wala simwiti mwongo. Namwomba tulinganishe bei ya mzigo ukiwa umeshafika mlangoni kwake na ukiwa na risiti ya EFD. Mara nyingi ile bei ya chini ni ya kuchukulia ghalani, na nyingine ni ya mzigo usio na risiti, ambao mwenye duka aliyesajiliwa kwa VAT hawezi kuudai kodi ya manunuzi. Ikionekana kwamba bei hiyo ni ya kweli na ya chini kuliko yetu hata baada ya hayo yote, namwambia wazi kwamba kwa bidhaa hiyo akanunue kule.

Sasa maneno yenyewe. Huwa nasema kwanza kwa simu, kisha naandika, kwa sababu mtu mzima kukataliwa kwa barua peke yake huona amedharauliwa, na kukataliwa kwa simu peke yake huacha nafasi ya kila mmoja kukumbuka alivyopenda. Barua niliyomwandikia mzee wa Morogoro ilikuwa fupi:

"Tumepokea barua yako ya kuomba punguzo la asilimia 5 na muda wa malipo wa siku 60. Kwa manunuzi ya shilingi milioni 20 kwa mwezi hatutaweza kukubali punguzo hilo, wala siku 60 kwa mzigo wote. Kuanzia oda ijayo tunaweza kuugawa mzigo wako katika ankara mbili: saruji na nondo zilipwe ndani ya siku 10, na marumaru na rangi zilipwe ndani ya siku 60. Manunuzi yakifikia milioni 30 kwa miezi mitatu mfululizo, tutakaa upya kuhusu punguzo. Tafadhali tujulishe kabla ya Ijumaa kama utaratibu huu unakufaa."

Katika manunuzi yake, saruji na nondo zilikuwa milioni 12, na marumaru na rangi milioni 8. Milioni 12 kwa siku 10 na milioni 8 kwa siku 60 zinatoa wastani wa siku 30 zilezile, hivyo fedha yetu iliyo nje haiongezeki, ilhali yeye anapata siku 60 pale anapozihitaji. Milioni 30 niliziweka juu kidogo ya zile 28 kwa kuwa mzigo ukiongezeka na upakiaji nao hupanda.

Barua hiyo haina "kwa sasa." Ukisema kwamba kwa sasa haiwezekani, umemwalika aje mwezi ujao na ombi lilelile, naye hatakuwa amekosea. Haina pia "uongozi haujaridhia," kwa sababu mteja akijua kwamba kuna aliye juu yako mwenye kuweza kusema ndiyo, atamtafuta, na wewe hutakuwa tena mtu wa kuzungumza naye biashara. Jibu lenye madhara kuliko yote ni "tutaona, mzee," linalotolewa kwa adabu na kupokelewa kama ahadi. Mteja atakata siku 60 mwenyewe, na utakapomdai siku ya 31 atakuona wewe ndiye uliyevunja neno. Maofisa mauzo wanaolipwa kamisheni kwa mauzo badala ya makusanyo hulipenda sana jibu hilo.

Utaratibu wa ankara mbili una mahali unapovunjika. Mteja akianza kuchelewesha ile ya siku 10, wastani wote unaharibika haraka, kwa hiyo tuliweka katika mfumo wetu kwamba ankara ya saruji ikipita siku ya 14 bila kulipwa, oda ya marumaru haipakiwi. Hilo nilimweleza mapema kwa simu, kabla halijatokea, maana zuio ambalo mteja analisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa dereva wa lori ni ugomvi.

Oda ya kwanza baada ya kukataa huwa naifuatilia mwenyewe mpaka lori litoke ghalani, kwani mteja anaitumia kupima kama amewekewa kinyongo. Mifuko ikipungua au mzigo ukichelewa siku mbili, ataamini kwamba ameadhibiwa kwa kuomba. Mzee aliukubali utaratibu huo siku ya Alhamisi, akaagiza saruji kwanza na marumaru nusu ya kawaida yake. Punguzo lake bado ni asilimia 3, na milioni 30 hajazifikia, ingawa kila tunapozungumza hunikumbusha kwamba anazikaribia.