Kwa nini herufi nyekundu hufifia kwenye runinga kubwa?

"Nimechomeka kompyuta kwenye runinga ya 4K ya inchi 65. Maandishi meupe kwenye giza yako safi, lakini mekundu na ya bluu yamevimba kingo kama wino uliolowa. Nikiwasha modi ya gemu, rangi zote zinageuka. Shida ni kebo, runinga au kompyuta?"

Mara nyingi kebo haina kosa. Kuna sehemu mbili ambako rangi hupunguzwa kabla hazijafika machoni: kompyuta inapozituma, na ndani ya runinga yenyewe inapozichakata. Modi ya gemu inahusika na hiyo ya pili, ila huja na mipangilio yake ya rangi, na ndiyo maana picha hugeuka ghafla.

Tuanze na herufi. Kompyuta inaweza kutuma picha kwa nyekundu, kijani na bluu za kila pikseli, yaani RGB. Ipo pia njia nyingine, inayosomeka YCbCr kwenye menyu, inayotenganisha mwangaza na rangi. Jicho la binadamu ni kali kwa mwangaza lakini ni zito kwa rangi, hivyo rangi hutumwa kwa uchache na mtazamaji hashtuki. Chukua pikseli nane, nne safu ya juu na nne ya chini. Kwenye 4:4:4 kila pikseli ina rangi yake. Kwenye 4:2:2, pikseli mbili zinazopakana kwenye safu moja huchangia rangi moja. Kwenye 4:2:0 zinachangia nne, mbili za juu na mbili za chini. Mwangaza hauguswi, kila pikseli hubaki na wake.

Filamu za mtandaoni na za diski karibu zote ni 4:2:0, na hakuna anayelalamika. Nyuso na mawingu hayana kingo za pikseli moja. Herufi zinazo. Herufi nyeupe kwenye giza hutofautiana na giza hilo kwa mwangaza tu, kwa hiyo haipotezi kitu. Nyekundu ni habari nyingine: katika hesabu inayotumika kwa picha za kawaida za runinga, nyekundu huchangia takriban asilimia 21 tu ya mwangaza, bluu asilimia 7, na zote zinazobaki ni za kijani. Maana yake ukingo wa herufi ya bluu kwenye giza haupo sana kwenye mwangaza. Uko kwenye rangi, yaani pale pale palipokatwa. Kwa hiyo rangi hutapakaa hadi kwenye pikseli ya jirani, na herufi inaonekana imevimba.

Unaweza kuthibitisha bila kifaa chochote. Fungua programu ya kuchora, tengeneza picha ya 3840 kwa 2160, kisha chora mistari ya wima yenye unene wa pikseli moja moja, mmoja mwekundu na unaofuata wa bluu, kwenye kipande kidogo. Pembeni yake chora kipande kingine chenye mistari ya mlalo ya namna hiyo hiyo. Hifadhi kwa PNG, usitumie JPEG, kwa sababu JPEG nyingi zenyewe hukata rangi na utailaumu runinga bure. Itazame kwa ukubwa wake halisi, pikseli kwa pikseli, na uhakikishe runinga haikuzi picha ili kukata pembe zake. Sasa sogea karibu na kioo. Vipande vyote viwili vikionyesha mistari mekundu na ya bluu, una 4:4:4. Wima ikigeuka zambarau huku mlalo ukibaki na rangi zake, ni 4:2:2. Vyote viwili vikiwa zambarau, ni 4:2:0. Jaribio hili nalipenda kuliko kusoma menyu, kwa sababu menyu ya kompyuta hukuambia kilichotumwa, haikuambii kilichoonyeshwa.

Kwa nini kompyuta ikate rangi yenyewe? Kwa sababu njia ina ukubwa wake. Picha ya 4K inayobadilika mara 60 kwa sekunde, ukihesabu na nafasi tupu zinazozunguka picha kwenye mawimbi, ni pikseli milioni 594 kila sekunde. Kila pikseli ya 4:4:4 yenye biti 8 kwa kila rangi inabeba biti 24. Tena HDMI ya kizazi cha 2.0 hugeuza kila biti 8 kuwa 10 ili zisafiri salama. Zidisha, unapata gigabiti 17.82 kwa sekunde. Kikomo cha HDMI 2.0 ni 18. Umeingia, lakini kwa kujibana mlangoni.

Sasa washa HDR, yaani picha yenye upana mkubwa zaidi kati ya giza na mwanga, ambayo kwa kawaida huhitaji biti 10 kwa kila rangi. Hesabu ile ile inapanda hadi 22.28, na mlango ni ule ule wa 18. Kitu lazima kiachwe. Ama biti zinarudi 8 na kompyuta inachanganya vivuli kwa ujanja, ama rangi zinakatwa hadi 4:2:2, ambayo kwenye HDMI hutumia nafasi ile ile ya 17.82 hata ikiwa na biti 12. Ndiyo maana mtu huwasha HDR ili rangi ziwe nzuri, na herufi za kazini zikaharibika dakika hiyo hiyo. Kwenye njia ya HDMI 2.0 mimi ningezima HDR wakati wa kusoma na kuandika, niiwashe kwa gemu na filamu. HDMI 2.1, yenye kikomo cha 48, inaondoa mgogoro huu: 4K mara 120 kwa sekunde, biti 10, 4:4:4, hutumia takriban 40. Ila poti zote za runinga moja huenda zisiwe za kizazi hicho, kwa hiyo soma maandishi yaliyo kando ya kila poti.

Hata njia ikitosha, runinga inaweza kukataa mapema. Vifaa vikiunganishwa, runinga huipa kompyuta orodha ya inachoweza kupokea. Runinga nyingi huja poti zikiwa kwenye hali ya tahadhari, na katika hali hiyo orodha yenyewe hutaja 4K mara 60 kwa 4:2:0 tu. Kompyuta inatii. Kwenye LG tafuta HDMI Deep Colour, kwenye Samsung Input Signal Plus, kwenye Sony HDMI signal format kisha uchague Enhanced format. Hiyo huwekwa kwa kila poti peke yake, na ukihamisha kebo unaanza upya. Baada ya hapo rudi kwenye kompyuta. Katika Windows 11, fungua Settings, System, Display, kisha Advanced display. Utaona biti na aina ya rangi inayotoka. Ukitaka kuchagua mwenyewe, ingia kwenye programu ya kadi ya grafiki; ya NVIDIA huita sehemu hiyo Output color format.

Kebo mbovu utaitambua kwa dalili nyingine kabisa. Haififishi rangi wala haivimbishi herufi. Huleta vinukta vinavyometameta, au picha hukatika na kuwa nyeusi sekunde moja na kurudi, hasa baada ya kuwasha kasi kubwa zaidi. Nunua iliyothibitishwa, Premium High Speed kwa 18 au Ultra High Speed kwa 48, na usiinunue ndefu kuliko unavyohitaji.

Tuseme sasa Windows inaandika RGB, biti 8, lakini mistari ya wima bado ni zambarau. Hapo mkosaji ni runinga. Mashine inayonoa picha, kuondoa chenga na kulainisha mwendo mara nyingi hufanya kazi kwa 4:2:2, hata ikipokea rangi kamili. Ili kuipita, runinga lazima iambiwe kuwa kilichochomekwa ni kompyuta. Kwenye LG na Samsung, nenda kwenye orodha ya vyanzo, hariri jina la poti na uchague alama ya PC. Kwenye LG, kuandika tu neno PC hakusaidii ukiacha alama ya zamani. Alama ndiyo inayobadilisha kazi. Kwenye Sony, picha huwekwa kwenye Game au Graphics.

Modi ya gemu nayo iliundwa kwa ajili ya kuchelewa. Kulainisha mwendo kunalazimu runinga ishike picha kadhaa ili izilinganishe, na kwa kasi ya 60 kila picha inayoshikwa ni milisekunde 16.7. Zikishikwa chache tu, kipanya huanza kuburuta nyuma ya mkono. Modi ya gemu huzima kazi hizo. Kwenye runinga nyingine hurudisha rangi kamili pia, kwenye nyingine hairudishi: kwenye LG gemu bila alama ya PC inaweza kuwa ya haraka sana na bado herufi nyekundu zikavimba. Kwa mchezaji aliye kwenye kochi mbali na kioo, hilo si neno. PlayStation 5 yenyewe hutuma 4:2:2 ikifika 4K mara 120 na HDR, na wachezaji wanaendelea na mambo yao.

Rangi kugeuka ni suala la mipangilio iliyokuja nayo. Kila modi ya picha ina daftari lake, na ile ya gemu mara nyingi huja na weupe wa kibuluu, kunoa kwingi na rangi zilizokolezwa. Hivyo usibadilishe modi, badilisha yaliyomo ndani yake: joto la rangi liende upande wa Warm, ambako nyeupe inakaribia kelvini 6500, na kunoa kushushwa hadi herufi zisiwe na mstari mweupe pembeni. Kunoa sifuri si mahali pa kawaida kwa kila runinga; kwenye Sony katikati ni 50.

Mwisho tazama weusi. Kompyuta hutuma namba 0 hadi 255, ilhali desturi ya runinga ni 16 hadi 235. Kompyuta na runinga zikipishana, weusi huwa wa kijivu na picha nzima kuonekana kama ina ukungu, au vivuli vyote vya giza humezwa kuwa doa moja. Output dynamic range upande wa kompyuta na Black Level upande wa runinga lazima visemezane. Ukiwasha HDR runinga hufungua daftari jingine kabisa, kwa hiyo joto la rangi na kunoa utaviweka tena humo.