Acheni Kuukodolea Macho Uso: Itafuteni Picha Mama

Wiki iliyopita mwandishi mmoja kijana alinipigia simu kutoka Kasulu, akanisomea, kuhusu picha iliyoshukiwa kuwa na uso wa kupandikizwa, hukumu ambayo nimeisikia mara nyingi mno tangu kampeni za mwaka 2025: "Kaka, tumeivuta picha karibu, tumeangalia macho, masikio na kingo za uso, hakuna kasoro. Hata Google haikuonyesha kitu. Ni halisi, tunairusha." Nilimwomba asiirushe. Baada ya kuweka simu niliona ni lazima niliandike jambo hili kwa urefu, kwa sababu hoja zake zote mbili si sahihi, na ndizo hoja ninazoletewa mezani kwangu hapa Kigoma karibu kila wiki.

Nianze na macho. Baadhi ya programu za kupandikiza uso zinazotumika sana hutengeneza uso mdogo wa pikseli 128 kwa 128, kisha huukuza hadi utoshe kichwa kilichopo. Kwa hiyo katika faili la kwanza uso huwa laini kuliko kola ya shati, na mtu makini anaweza kuiona tofauti hiyo. Lakini picha haitufikii ikiwa faili la kwanza. Hutufikia kwa WhatsApp, baada ya kupita katika makundi mengi, na WhatsApp huibana picha na kuiondolea taarifa za kamera. Ubanaji huo huulainisha uso, kola na ukuta vyote kwa pamoja, na ile kasoro mnayoitafuta hupotea. Kutoiona kasoro katika picha ya namna hiyo hakuthibitishi chochote. Kumwomba aliyekutumia aitume upya kama "Document" kunasaidia ikiwa yeye ndiye aliyeipiga, au ikiwa analo faili la awali. Kama naye aliipokea kwenye kundi, atakutumia picha ileile iliyokwisha kubanwa.

Hoja ya pili, ile ya Google, ndiyo inayonikera zaidi. Uso uliopandikizwa lazima uwekwe juu ya mwili wa mtu mwingine, na mwili huo unatoka katika picha iliyokuwapo kabla. Mimi huiita picha mama. Programu hubadilisha sehemu ya kuanzia nyusi hadi kidevu, na kwa kawaida shati, mikono, kiti, pazia na watu walio nyuma hubaki kama vilivyokuwa. Sasa ukiiingiza picha nzima kwenye Google Lens, mtambo wa Google wa kutafuta kwa picha, mara nyingi uso wa mwanasiasa maarufu ndio unaoyavuta matokeo, ukajaziwa picha zake za mikutano ya hadhara, na picha mama ikazama chini yake. Huko si kukosekana kwa picha mama. Ni wewe uliyeuliza kuhusu uso, ukajibiwa kuhusu uso.

Nieleze kisa kimoja. Zikiwa zimebaki siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025, tulitumiwa picha ya mwanasiasa anayefahamika sana mkoani kwetu, ameketi mezani akipokea bahasha nene, na maelezo yakidai kwamba ilipigwa Mwanga usiku uliotangulia. Uso ulikuwa wake bila shaka. Nilichofanya kwanza ni kuufunika uso huo kwa mraba mweusi. Kisha niliikata picha vipande vitatu: shati la kitenge, meza na maua yake, na pazia lililokuwa nyuma. Kila kipande nilikitafuta peke yake kwenye Google Lens, TinEye na Yandex, kwa sababu kila mtambo una hazina yake na kinachokosekana kwa mmoja huweza kupatikana kwa mwingine.

Sikupata kitu. Wengi huishia hapo, nami ningeishia hapo kama nisingeutazama mfuko wa shati. Shati la kiume kwa kawaida huwa na mfuko upande wa kushoto wa mvaaji, na la huyu bwana lilikuwa na mfuko upande wa kulia. Fundi wa kitenge anaweza kushona apendavyo, kwa hiyo huo haukuwa ushahidi, lakini ulitosha kunifanya niigeuze picha kulia-kushoto, kama inavyoonekana kwenye kioo, kisha nianze upya. Waghushi huigeuza picha mama kwa makusudi ili isitambuliwe na mitambo. Kipande cha meza kilipogeuzwa kilinipeleka kwenye ukurasa wa mpiga picha wa sherehe, katika picha ya harambee ya harusi iliyowekwa miaka miwili kabla. Bahasha ilikuwa ileile na pazia lilelile, lakini aliyeketi alikuwa mtu mwingine kabisa.

Hata hapo hatukukimbilia kuandika, kwani kufanana kwa meza si kufanana kwa picha. Tuliziweka picha mbili moja juu ya nyingine na kukagua mikunjo ya mkono wa shati. Mtu huweza kulivaa shati lilelile mara mia, lakini mikunjo haijirudii vilevile hata mara mbili, na hii ilioana yote. Halafu tulikagua sikio, si kwa kutafuta kasoro kama alivyofanya kijana wa Kasulu, bali kwa kulilinganisha. Sikio kwa kawaida hubaki la mwenye mwili. Katika picha zake za kuaminika mwanasiasa yule ana ndewe inayoning'inia, na ndewe ya kwenye picha ile ilishikana na shavu. Mwisho tulimpigia simu mpiga picha, naye akatutumia faili lake la awali. Mwanasiasa mwenyewe tulimpigia baadaye ili kupata kauli yake tu, kwa kuwa wapo wanaozikana hata picha za kweli.

Njia hii ni ya zamani kuliko programu hizi. Katika kampeni za urais za Marekani mwaka 2004 ilisambazwa picha ya John Kerry akiwa jukwaani pamoja na mwigizaji Jane Fonda. Hiyo ilikuwa picha ya kuunganisha watu wawili, si ya kupandikiza uso, lakini kilichoimaliza ni kilekile: Ken Light, aliyempiga picha Kerry peke yake mwezi Juni mwaka 1971, alikuwa bado na negativu yake.

Tulipochapisha tuliweka picha zote mbili sambamba, na ile ya uongo tuliigonga neno "IMEGHUSHIWA" juu ya uso wenyewe, kwa sababu neno likiwekwa pembeni hukatwa na picha huanza safari upya. Hata hivyo sina hakika kama tulifanya vema kuichapisha. Huenda wapo walioiona kwa mara ya kwanza kwetu.

Nina shaka nyingine kubwa zaidi. Njia hii huitegemea picha mama iliyowahi kuwekwa mtandaoni. Mtu akimpiga picha jirani yake sebuleni kwa simu yake, akaupandikiza uso na kuifuta ile ya kwanza, hakuna mtambo utakaoipata, na picha iliyotengenezwa nzima kwa akili bandia haina mama kabisa. Hapo tunabaki na sikio, alama za mikononi, na kumtafuta mtu aliyekuwepo mahali panapodaiwa. Picha iliyomfanya kijana wa Kasulu anipigie simu huenda ni ya aina hiyo. Nimeikata, nimeigeuza na kuitafuta kwa siku nne, na masikio yamefunikwa na kofia. Haijarushwa, na kwa ushahidi tulio nao hadi leo siwezi kusema kwamba ni ya kweli wala kwamba ni ya uongo.