Kwa nini daktari wa meno huugeuza ulimi huku na huku?

"Nilikwenda kutazamwa jino tu. Daktari akaushika ulimi wangu, akaugeuza huku na huku, kisha akanishauri nikapime virusi. Ulimi na UKIMWI wapi na wapi?"

Katika vinywa vya watu wengi mna fangasi aitwaye kandida, na hana taabu na mtu. Miongoni mwa wanaomzuia asizidi ni chembe za damu za CD4, na hizo ndizo VVU huzishambulia. Mtu mwenye afya kwa kawaida huwa nazo 500 na zaidi katika milimita moja ya ujazo wa damu. Asiyetumia dawa huzipoteza pole pole kwa miaka, na zikikaribia 200 au kushuka zaidi, fangasi hujitanua. Mwenyewe huenda bado yuko kazini, hajakonda wala hajalala kitandani.

Tuchukue baharia wa Lamu, mlaji miraa, aliyeona weupe mdomoni akasema ni miraa hiyo. Yawezekana, lakini weupe wa miraa kwa kawaida hukaa shavu lile analowekea tonge lake. Daktari huchukua kipande cha shashi akapangusa. Ukitoka kama maziwa yaliyoganda, chini pakabaki pekundu au pakavuja damu kidogo, huyo ni fangasi. Sasa aishike ncha ya ulimi kwa shashi, auvute kando. Hapa ndipo wengi wanaojitazama kwenye kioo hawafiki. Akikuta pande zote mbili mistari meupe iliyosimama wima, isiyotoka hata ikisuguliwa, shaka yake huzidi. Hiyo huletwa na kirusi kingine, EBV, ambacho huamka kinga ikishuka, na kwa kuwa haiumi, mtu hukaa nayo asijue. Kisha huangalia kaakaa: doa la zambarau hapo huenda likawa saratani ya Kaposi. Kazi yote ni dakika chache, ila meno ya bandia yavuliwe kwanza na taa iwe nzuri. (Wala tambuu haipendezi siku hiyo, maana wekundu wake huficha mengi.)

Hata hivyo, hakuna anayeambiwa ana VVU kwa kutazamwa ulimi. Fangasi huwapata pia wenye kisukari, wanaovuta dawa ya pumu bila kusukutua, waliotoka kumeza antibiotiki, na watoto wachanga. Kinachothibitisha ni kipimo cha damu, na kikionyesha virusi hurudiwa kwa vipimo vingine kabla ya kutoa jibu.

Kinyume chake ndicho kinachowaponza watu: mdomo safi hausemi kwamba mtu hana virusi. Miaka ya mwanzo mara nyingi hakuna alama yoyote. Na kwa anayetumia ARV tayari, fangasi aliyekwisha kupona akirudi, kliniki huuliza kama dozi zinarukwa, kisha hupima wingi wa virusi kuona kama dawa bado zinafanya kazi.