Windows 11 kwenye kompyuta ya zamani: anza na prosesa

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 10 haipati tena masasisho ya usalama ya kawaida. Mwenye kompyuta mpakato ya zamani hujaribu kupandisha Windows 11 na kukutana na maneno haya: This PC doesn't currently meet Windows 11 system requirements. Wengi huishia hapo, na wapo wanaokimbilia kununua nyingine. Ujumbe huo unabeba mambo mawili yasiyofanana hata kidogo. Kuna mashine ambayo prosesa yake haikubaliki, na hiyo haina dawa. Kuna nyingine isiyo na kasoro yoyote, ila kuna mpangilio uliozimwa ndani yake, na kuuwasha ni kazi ya muda mfupi.

Kwa hiyo prosesa ndiyo ya kutazamwa kwanza. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `msinfo32`, halafu Enter. Kwenye mstari wa Processor, tuseme umekuta Intel Core i5-6300U. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi chake: hiyo ni ya kizazi cha 6. Namba ikianza na 10, 11 au 12, soma tarakimu mbili, kwa hiyo i5-10210U ni ya kizazi cha 10. Windows 11 inataka Intel Core ya kizazi cha 8 kwenda juu, ukiondoa prosesa chache mno za kizazi cha 7. Kwa AMD namba zinapotosha zaidi, hivyo andika jina lote na ulitafute kwenye orodha ya prosesa iliyo kwenye tovuti ya Microsoft. Ryzen 5 3500U, kwa mfano, imo.

Usipime kwa kasi. Core i7-6700HQ ina nguvu kuliko Celeron N4000 mara kadhaa, lakini i7 hiyo inakataliwa na Celeron inakubaliwa, kwa kuwa kinachoangaliwa ni kuwemo kwenye orodha. Jina la modeli nalo halitoshi. Lenovo ThinkPad T480 ilitoka kiwandani ikiwa na prosesa za kizazi cha 7 au cha 8, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Anayenunua mashine iliyotumika, awe Kariakoo au Luthuli, afungue `msinfo32` kabla ya kutoa pesa.

Tuchukue T480 yenye i5-8350U, ramu ya GB 8 na SSD ya GB 256. Prosesa inakubalika, ramu imezidi kima cha chini cha GB 4 na diski imezidi GB 64, lakini bado Windows 11 inakataa. Ukirudi kwenye `msinfo32` unakuta BIOS Mode: Legacy na Secure Boot State: Unsupported. Ukiandika `tpm.msc` unaambiwa Compatible TPM cannot be found. Hapo mtu huamini kuwa mashine haina TPM, kumbe chipu hiyo ya kutunza funguo za siri imo ila imezimwa. Neno Unsupported nalo halimaanishi kwamba Secure Boot, ulinzi wa mashine wakati wa kuwaka, haipo. Huonekana hivyo kwa sababu mashine inawaka kwa mtindo wa zamani wa Legacy badala ya mtindo mpya wa UEFI.

Mpangilio wa hatua ndio wenye hatari. Kwanza nakili mafaili yako yote kwenye diski ya nje. Pili, angalia BitLocker, kinga inayofunga data ya diski kwa ufunguo, kwenye Control Panel. Ikiwa imewashwa, chagua Suspend protection na uhifadhi ufunguo wake wa tarakimu 48 nje ya mashine hiyo. Bila ufunguo huo, ukigusa TPM unaweza kuombwa ufunguo usio nao, na data ikabaki imefungwa. Tatu, badilisha mpangilio wa diski kutoka MBR kwenda GPT, kwa sababu Windows iliyo kwenye MBR haiwaki chini ya UEFI. Fungua Command Prompt kwa Run as administrator, anza na amri ya kukagua:

```
mbr2gpt /validate /allowFullOS
mbr2gpt /convert /allowFullOS
```

Amri ya pili usiipige mpaka ya kwanza iseme Validation completed successfully. Ikigoma, mara nyingi diski ina vipande vikuu vinne, na chombo hiki hakivumilii zaidi ya vitatu.

Baada ya hapo zima na uwashe tena huku ukigonga F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell au F10 kwa HP, ili uingie BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe. Kwenye Startup chagua UEFI Only. Kwenye Security, washa Security Chip kisha Secure Boot. Chaguo la Clear Security Chip liache lilivyo. Mashine za chapa nyingine huita TPM kwa jina la Intel PTT au AMD fTPM. Windows ikishawaka, `tpm.msc` inapaswa kuonyesha Specification Version: 2.0, na PC Health Check, programu ya Microsoft ya kukagua kama mashine inafaa, itabadilisha jibu lake.

Ukibadili kwenda UEFI kabla ya kugeuza diski, mashine haitaiona Windows. Usiharakishe kuifomati: irudishe Legacy, itawaka kama kawaida, kisha ufuate mpangilio. Kikwazo kigumu zaidi ni nywila ya BIOS kwenye mitumba iliyotoka maofisini. Bila nywila hiyo huwezi kuwasha TPM, na kuing'oa kwenye modeli nyingi ni gharama isiyo na maana. Muuzaji akishindwa kuingia BIOS mbele yako, iache.

Kuna pia mashine za kizazi cha 4 hadi cha 7 zinazouzwa zikiwa tayari na Windows 11, iliyowekwa kwa kuruka ukaguzi. Zinafanya kazi, ndiyo maana mnunuzi hashtuki. Shida huja baadaye: toleo jipya la kila mwaka haliji lenyewe, na kila toleo lina mwisho wake. Andika `winver`. Ukikuta Version 23H2 kwenye Home au Pro, hilo liliacha kusasishwa tarehe 11 Novemba 2025, na ni dalili ya kukagua prosesa haraka. Mashine ya enzi za Core 2 Duo haifiki mbali hata kwa njia ya mkato, kwani kuanzia 24H2 Windows inahitaji amri ya POPCNT ambayo prosesa hizo hazina.

Kukubaliwa nako hakutoshi. Ramu ya GB 4 inapita mtihani, ila ukifungua kivinjari chenye kurasa kadhaa mashine inaanza kukwama. Tunashauri GB 8. Ukifungua Task Manager na kukuta Disk iko 100% wakati hufanyi kitu, na diski ni ya kuzunguka, weka SSD kwanza. Touchpad iliyoinuka au kifuniko cha chini kilichotuna ni betri iliyovimba. Acha kuichaji na uipeleke kwa fundi kabla ya jambo lingine lolote.

Mwenye i5-6300U bado ana njia. Microsoft inatoa masasisho ya usalama ya ziada kwa Windows 10 ya watumiaji binafsi hadi tarehe 13 Oktoba 2026, na kujiandikisha hufanyika ndani ya Settings, sehemu ya Windows Update. Nyingine ni Linux Mint, inayotaka ramu ya GB 2 tu, ingawa GB 4 ndizo zinazofaa. Iwashe kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, ujaribu Wi-Fi, sauti na printa unayoitumia kazini. Printa ndiyo inayosumbua mara nyingi.